Mhasibu akigundua wizi, wajibu wake unaishia wapi?

Msaidizi wa Hesabu, Dar: Mimi ni mhasibu msaidizi kwenye kampuni binafsi. Nimekuta ankara tatu za fundi mmoja wa matengenezo, kila moja shilingi 9,800,000. Mkuu wa manunuzi anaruhusiwa kuidhinisha peke yake malipo yasiyofika milioni 10. Akaunti ya benki ya huyo fundi ni ileile anayopokelea mshahara mfanyakazi mmoja wa manunuzi. Meneja wangu wa fedha kaniambia, "Ingiza, funga mwezi." Kimaadili niseme, au ninyamaze nitafute kazi nyingine?

Karani wa Zamani: Dada, nyamaza. Sisi wa hesabu tunafungwa na usiri. Ukitoa siri ya mwajiri nje, hata kama ameiba, bodi ya taaluma itakushughulikia wewe kabla yake. Hilo tulifundishwa tangu darasani.

Mkaguzi Mstaafu: Mlifundishwa nusu. Usiri upo, lakini kanuni za maadili za kimataifa za wahasibu, ambazo vyombo vya taaluma yetu, NBAA hapa na ICPAK kule Kenya, vinazifuata, zilibadilika kuanzia Julai 2017. Mhasibu akikuta sheria inavunjwa, baada ya kupita hatua fulani anaweza kupeleka jambo kwa mamlaka husika bila kuhesabiwa kuwa amevunja usiri, mradi sheria ya nchi haimkatazi.

Kanuni hizo pia haziwapi mzigo mmoja mhasibu mkuu na msaidizi. Mkuu anatakiwa asimamishe jambo na kulifikisha kwa bodi, na kwake kuacha kazi si mbadala wa kutimiza wajibu. Msaidizi anatakiwa amwambie msimamizi wake. Msimamizi akionekana naye yumo, basi apande ngazi moja juu. Kwenda nje ya kampuni ni kwa hali za pekee.

Hata hivyo, mwanangu, kabla ya kupanda ngazi yoyote, una uhakika gani? Akaunti kulingana ni moshi tu. Nimewahi kukuta fundi asiye na akaunti akipokelea hela kwa shemeji yake, na kazi ilikuwa imefanyika kweli. Zile ankara zina namba gani?

Msaidizi wa Hesabu, Dar: Shikamoo mzee. 0041, 0042 na 0043. Ya kwanza Machi, ya pili Mei, ya tatu Julai.

Mkaguzi Mstaafu: Marahaba. Basi hapo moshi umekuwa mzito. Fundi wa kweli ana wateja wengine. Kati ya Machi na Julai angekuwa ameshakata ankara kumi au ishirini kwa watu wengine, na namba zingeruka. Huyu kwa miezi mitano hana mteja mwingine duniani isipokuwa ninyi.

Yamebaki mambo matatu ya kuangalia, yote yakiwa ndani ya kazi yako ya kila siku, bila kuvamia faili za watu. Kuna risiti ya EFD, na ukiihakiki TRA inaonekana? Stoo wana hati ya kupokea vifaa? Na nani aliingiza namba ya akaunti kwenye taarifa za fundi huyo, lini? Mfumo huwa unaweka jina na tarehe. Andika unachokiona, tarehe na saa, kwa maneno ya kawaida. Usiandike "mwizi". Andika "akaunti hizi mbili zinafanana".

Mama wa Kikoba: Na mimi niseme langu. Kwenye kikoba chetu mweka hazina alikula laki sita. Niligundua mimi, nikasema mbele ya wote, akalia, akarudisha kwa awamu. Kwa hiyo sema tu hadharani, watu wanaogopa aibu.

Karani wa Zamani: Mama, kikoba mnajuana majina mpaka ya watoto. Huku kuna mishahara na mawakili.

Kijana wa Nakuru: Niwakumbushe David Munyakei. Alikuwa karani kijana tu pale Benki Kuu ya Kenya, akaona mamilioni yakilipwa kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi. Kenya yenyewe haikuwa na almasi za kuuza. Akauliza wakubwa, akaambiwa afanye kazi yake. Mwishowe nyaraka zikafika kwa wanasiasa wa upinzani, na hivyo ndivyo kashfa hiyo ya Goldenberg ikafika bungeni. Yeye akakamatwa mwaka 1993, akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali. Mashtaka yakaondolewa lakini kazi ikaenda. Alikufa maskini mwaka 2006. Mkimwambia huyu dada aseme, mwambieni na hilo.

Mkaguzi Mstaafu: Ni kweli, na sina jibu la kulifuta. Tanzania tuna sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Inamlinda anayekwenda kwa mamlaka husika, kwa nia njema, akiwa na sababu za kuamini anachosema. Anayerusha picha za ankara kwenye kundi la WhatsApp asitegemee kinga hiyo. Na hata anayelindwa, sheria haiwezi kumzuia bosi kumnunia.

Lakini kunyamaza nako kuna bei. Betty Vinson alikuwa mhasibu wa ngazi ya kati WorldCom, Marekani. Oktoba 2000 wakubwa walitaka gharama za dola milioni 828 zipunguzwe vitabuni. Alikataa mwanzoni. Akaambiwa ni mara hii tu. Akaingiza, kisha akaandaa barua ya kuacha kazi, akashawishiwa akabaki. Robo iliyofuata ombi likarudi, na iliyofuata tena. Hakuchukua hata senti ya wizi wenyewe. Mwaka 2005 alihukumiwa miezi mitano jela.

Kwa hiyo, kusema nje ni suala la kupima. Kuingiza si la kupima. Ankara ya nne ikija nawe unajua unachokijua, mkono wako ukiipitisha, umo.

Kijana wa Nakuru: Mzee, hapo umemwachia mtoto mzigo wa wakubwa. Akikataa kuingiza, kesho anaitwa mkaidi, na meneja anaingiza mwenyewe.

Mkaguzi Mstaafu: Meneja aingize mwenyewe, kwa jina lake kwenye mfumo. Ndicho ninachotaka.

Msaidizi wa Hesabu, Dar: Nimerudi. Risiti ya EFD hakuna hata moja. Mtunza stoo anasema rangi na saruji hajawahi kupokea, wala dari iliyosemekana imetengenezwa haijaguswa. Iko juu ya meza yangu, bado inavuja. Taarifa za akaunti zilibadilishwa Februari, na jina lililobaki kwenye mfumo ni la meneja wangu wa fedha. Ngazi ya juu yake ni mkurugenzi, na mkurugenzi ni kaka yake.

Karani wa Zamani: Nilisema.

Mkaguzi Mstaafu: Kampuni inakaguliwa na wakaguzi wa nje?

Msaidizi wa Hesabu, Dar: Wanaingia Jumatatu ijayo. Siku zote meneja ndiye anayekaa nao, sisi tunatoa mafaili tu.

Mkaguzi Mstaafu: Kanuni zinakuruhusu kuwaeleza. Wao wana wajibu wa kuchukua dalili za udanganyifu kwa uzito, na wana njia ya kufika kwa wenye hisa ambayo wewe huna. Usimdokeze meneja kwamba utafanya hivyo, nyaraka zitapotea. Na usibebe mafaili nyumbani, watakugeuzia kesi wewe.

Kijana wa Nakuru: Na wakaguzi wakimrudia meneja kumuuliza, "Msaidizi wako anasema hivi"?

Mama wa Kikoba: Mimi bado nasema aongee mbele ya wote.

Msaidizi wa Hesabu, Dar: Ankara ya nne imeletwa saa hii. 0044. Nimeiacha kwenye trei.