Naomba ushauri: grafu ya diodi yangu, upande wa kushoto haulali

Mwana_Tudor: Habari zenu wakubwa. Nimepiga picha grafu ya diodi 1N4007 tuliyoichora maabara, ripoti ni Jumatatu. Kulia mstari umelala hadi karibu 0.6 V, kisha unapanda ghafla. Kushoto, mahali tuliambiwa utalala sifuri, unateremka. Goti, pale mstari unapoanza kupanda, niandike volti ngapi? Na naweza kusema diodi ni feki?

Fundi_Kisauni: Goti la silikoni ni 0.7, andika hivyo umalize. Na kama inavuja nyuma ni feki, itupe. Hizi za bei rahisi nimezikuta nyingi.

Mama_Likoni: Wanangu, mimi diodi ya sola yangu iliungua, betri ikawa usiku inarudisha moto kwenye paneli, asubuhi taa hakuna. Ndiyo hiyo hiyo?

Mzee_wa_Saketi: Ndiyo kazi yake, mama, kuzuia moto usirudi. Wewe kijana, tupe namba. Picha bila vipimo vya mihimili haisomeki.

Mwana_Tudor: Mbele: 0.5 V ni 0.3 mA, 0.6 V ni 2 mA, 0.7 V ni 14 mA. Nyuma: 5 V ni 5 µA, 10 V ni 10 µA, 20 V ni 20 µA. Kulia mhimili ni wa miliampia, kushoto wa mikroampia.

Mzee_wa_Saketi: Mbele ni pazuri sana. Tazama, kila 0.1 V mkondo unazidishwa karibu mara saba. Kwa hiyo goti si mlango unaofunguka mahali pamoja. Ukichora kwa kipimo cha mikroampia litaonekana chini ya 0.5 V. Kwa grafu yako, weka rula iguse mkunjo pale kwenye 14 mA, ifuate mwinuko wake, uishushe hadi mhimili wa volti. Itagonga karibu 0.65 V. Andika hiyo, na useme umeipataje.

Kiboko_Changamwe: Samahani, mimi siamini hadithi hii. 5, 10, 20? Vipimo vya maabara havinyooki hivyo. Kijana ametunga namba nyumbani, sasa anatafuta wa kumtetea.

Mwana_Tudor: Wallahi sijatunga! Tulikuwa watatu. Diodi nane zilizobaki nimeshazirudisha dukani Mwembe Tayari na nikamwambia muuzaji ni feki.

Fundi_Kisauni: Umefanya vyema.

Mzee_wa_Saketi: Hajafanya vyema, lakini Kiboko ametufaa. Namba zimenyooka kwa sababu si za diodi. Gawanya volti kwa mkondo: kila mara unapata 1 MΩ. Hiyo ni rezista. Voltimita uliiunga wapi?

Mwana_Tudor: ...Moja kwa moja kwenye miguu ya diodi, baada ya ampimita. Ni mita ya bei rahisi. Lakini ndivyo tulivyounga mbele, na mwalimu akakubali.

Mzee_wa_Saketi: Mbele ni sawa. Kwa 0.7 V mita yenye 1 MΩ inakunywa 0.7 µA, na kando ya 14 mA hakuna atakayeiona. Nyuma mambo yanageuka: diodi inapitisha kidogo mno, basi ampimita ikasoma mkondo wa voltimita. Umechora grafu ya mita yako.

Kiboko_Changamwe: Naondoa neno la kutunga. Lakini kwa nini diodi ipitishe kidogo hivyo hata kwa 20 V?

Mzee_wa_Saketi: Volti ya nyuma huzivuta chembe za umeme mbali na mpaka wa pande mbili, ukuta uliopo hapo unakuwa mrefu zaidi na zile nyingi haziwezi kuuruka. Zinazovuka ni zile chache zinazozaliwa na joto ndani ya silikoni. Ukiongeza volti huziongezi sana, ni kama ndoo chini ya bomba linalodondoka: ukubwa wa ndoo hauongezi matone. Joto ndilo linaloongeza. Ukipita kikomo chake diodi huvunjika, lakini 1N4007 imepewa 1000 V, na wewe uko 20.

Mwana_Tudor: Nikihamisha voltimita kwenye pawa saplai, ampimita itasoma sifuri. Nichore nini?

Mzee_wa_Saketi: Tumia ubaya wa mita. Toa ampimita, weka voltimita kwenye 200 mV, uiunge mfululizo na diodi iliyogeuzwa, kwenye 20 V. Kila milivolti moja ni nanoampia moja, kwa sababu mita ni 1 MΩ. Kisha bana diodi kwa vidole, uangalie.

Mwana_Tudor: Nimejaribu leo. 10 V ilisoma 4 mV, 20 V ikasoma 5 mV. Nilipoishika ikapanda hadi 9.

Fundi_Kisauni: Hata hivyo mimi nasema goti ni 0.7.

Mama_Likoni: Na muuzaji wa Mwembe Tayari je, mwanangu?

Mwana_Tudor: Duka linafunguliwa kesho saa mbili asubuhi. Nitakwenda na mita.