Naomba ushauri: tangazo la ritriti ya vijana, wazazi hawaelewi

binti_kwaya: Wapendwa habarini. Nimetengeneza slaidi 6 za ritriti ya vijana wetu wa kanisani, Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Kuna kava, ratiba, ada, vitu vya kubeba, ruhusa ya mzazi, na ya mwisho namba za simu. Nimeposti Insta juzi, tangu hapo simu haipoi. Mama mmoja kashapanga begi la mwanae lote, mpaka tochi na shuka, ila hajui kama kuna fomu ya kusaini. Nimekosea wapi? Na saa ya kuondoka imebadilika.

kaka_mbuni: Toa tu slaidi ya ratiba uweke mpya palepale, dakika moja.

mlezi_vijana: Kutoa unaweza kaka, ila kuingiza picha nyingine kwenye posti iliyokwisha kwenda Insta haikubali, ila maelezo ya chini yanaharirika. Dada, saa mpya iandike hapo mstari wa kwanza kabisa.
Kuhusu huyo mama, nahisi hakuiona posti yako. Mtoto kapiga skrinshoti slaidi ya vitu vya kubeba akamtumia WhatsApp, basi, zile tano nyingine hazikumfikia. Ndo maana mi kila slaidi naweka chini jina la kambi, tarehe, na mstari mmoja: "Bila fomu ya mzazi hasafiri mtu, mwisho Jumapili kabla ya safari". Siku 5 hizo zinakupa muda wa kumpigia mzazi aliyeandika mtoto ana pumu au hali chakula fulani, umuulize dawa atabeba nani.

baba_mapacha: Mi mwaka jana nililipa ada ya watoto wawili, mmoja akaugua siku ya safari, hela sikurudishiwa na hakuna aliyekuwa amesema. Andikeni hilo kwenye slaidi ya ada jamani, na kama nauli imo ndani au haimo.

binti_kwaya: Baba mapacha pole sana, kweli sijaandika. Mlezi, na fomu yenyewe niiweke kama slaidi?

mlezi_vijana: Hapana, watapiga picha maandishi yafifie. Tuma PDF kwenye grupu la wazazi na zingine printi ugawe baada ya ibada. Iwe na namba 2 za dharura, ugonjwa na dawa, nani atamchukua mtoto mkirudi, na ruhusa ya kupigwa picha iwe na sahihi yake peke yake, maana kuna mzazi anaruhusu safari ila hataki mwanae aonekane mtandaoni. Na usiruhusu mtu ajibu mambo ya ugonjwa kwenye komenti.

kaka_mbuni: Ada si bora isiandikwe, wenye uwezo mdogo wataogopa?

mlezi_vijana: Mi naiandika, na chini yake naweka namba ya kuongea faragha.

baba_mapacha: Kwetu hiyo namba hakuna anayeipigaga, watu wanaona aibu wanabaki nyumbani.

binti_kwaya: Hapo ndo sijui bado. Fomu naanza nayo leo.