Wamenialika Pemba nizungumze na wakulima wa mwani, siku ambayo wakulima wako baharini

Bi_Mwani_Unguja (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum. Nimerudi na boti jana, bado nimefura. Nisameheni nikivuka mpaka.

Mimi kazi yangu ni mwani, mwaka wa kumi na mbili huu. Mwezi uliopita jumuiya moja ya Pemba, siitaji jina, ilinipigia simu kuwa wananitaka kwenye semina ya wakulima. Nikasema leteni barua. Barua ikaja kwa wasap, nainakili ilivyo: "Unaalikwa kutoa mada kuhusu Mwani na Maendeleo. Washiriki ni wadau mbalimbali. Posho itazingatiwa." Basi. Nilipouliza posho kiasi gani, katibu akanambia kwa mdomo: "Laki tatu, dada, usiwe na wasiwasi." Tarehe tuliyokubaliana ilikuwa mwezi mwandamo 8, maji mafu, nikafurahi kwamba hawa wanajua wanachokifanya.

Siku nne kabla, ujumbe: semina imesogezwa wiki moja mbele kwa sababu mgeni rasmi ana safari. Wiki moja kutoka mwezi 8 ni mwezi 15. Hata mtoto wa Kiuyu anajua hilo ni bamvua. Na bamvua kwetu maji hukupwa kabisa kwenye saa nne hivi asubuhi, na ratiba yao inasema "Saa 4:00, mada kuu". Nikawaandikia: siku hiyo wakulima watakuwa mashambani. Nikajibiwa kwa alama ya dole gumba.

Nimefika ukumbini. Viti vimejaa, lakini wakulima wa mwani niliowahesabu ni 11, na watatu kati yao wameacha kulima tangu mwaka juzi. Waliobaki ni maafisa, vijana wa jumuiya na watu wa posho. Mgeni rasmi kazungumza dakika 50. Mimi nimepewa 25.

Na mada yenyewe! Kwa kuwa barua ilisema "maendeleo", nilitayarisha kilimo cha mwani wa kotonii kwenye maji ya kina, kamba za kuelea, nanga, maboya. Wale akina mama wanane wanaolima bado, mwani wao ni spinosamu, kwenye maji ya magotini, dau hawana, na mmoja akanambia mbele ya watu: "Mwanangu, mimi kuogelea sijui." Nilitamani sakafu inimeze.

Kisha bahasha. Nimesaini karatasi iliyoandikwa 300,000. Nafungua ndani: 130,000. Mhasibu kanifafanulia kwa upole kabisa: kodi asilimia 5, yaani 15,000, nauli ya boti kwenda na kurudi 70,000, gesti siku mbili 85,000. Kumbe nimejilipia nauli ya kualikwa! Nikiwa nateremka ngazi, katibu ananikimbilia: "Dada, tutahitaji slaidi, ripoti ya kurasa tano, na mwezi ujao uje ufuatilie." Kwa malipo? "Huo ni moyo wa kujitolea."

Nataka kujua, hivi ni mimi tu?

---

Kidau_Cha_Wete

Pole dada. Lakini hiyo kodi ni wizi mtupu. TRA ni ya bara, huku Zanzibar tuna ZRA yetu, na wewe si kampuni. Dai 15,000 yako. Na kama kweli wamekata, wakuoneshe hati.

---

Mkaanga_Pweza

Jamani kotonii kavu inanunuliwa bei gani sasa hivi huko Pemba? Nina magunia sita Jambiani, mnunuzi wangu anazunguka tu.

---

Mratibu_Chake

Bi Mwani, pole sana. Mimi nimeandaa semina za namna hii Pemba kwa miaka tisa, na nikisoma hesabu yako naona kilichotokea kana kwamba nilikuwa chumba cha pili.

Kwanza Kidau. Hati uko sahihi, anayekata lazima ampe aliyekatwa hati ya kodi iliyozuiwa, na bila hati hiyo huna cha kuonesha kuwa imelipwa. Lakini kodi ya mapato ni jambo la Muungano, TRA wanaikusanya hapa Zanzibar kama kule, na ada ya huduma ya mkaazi hukatwa asilimia 5 hata akiwa mtu binafsi. ZRA wana kodi nyengine.

Sasa pesa. Bajeti nyingi za wafadhili hazina kifungu cha ada ya mtaalamu. Zina mstari mmoja: "Gharama za mtoa mada, 300,000". Katibu anaiona laki tatu, anakupigia simu, anakwambia laki tatu. Kwake hajasema uongo. Mhasibu anauona mstari huohuo na kwake ndani yake mna nauli, mna gesti, mna wewe. Katibu na mhasibu hawakukaa pamoja hata siku moja, na wewe ndiye uliyelipia.

Ila mhasibu naye kachanganya. Kama laki tatu ni jumla ya kila kitu, basi ada yako ni 300,000 ukitoa 155,000, inabaki 145,000, na asilimia 5 ya hiyo ni 7,250. Ulitakiwa upate 137,750. Na kama laki tatu ni ada, basi ungepata 285,000 na nauli na gesti wao walipe. Yeye amekata kodi kana kwamba yote ni ada, halafu akakata gharama kana kwamba yote ni bajeti. Kachukua huku na huku. Wapo wahasibu watakaobishana nami kuhusu kukata kodi kwenye fedha ya nauli, sitaki ugomvi nao, lakini kusainishwa laki tatu na kupewa 130,000 hakuna mhasibu atakayekutetea. Karatasi ile ilitakiwa iwe na mistari mitatu.

Mimi barua yangu siku hizi naandika hivi: "Ada 200,000 kabla ya kodi ya asilimia 5, unalipwa siku hiyohiyo. Nauli na gesti tunalipa sisi moja kwa moja." Mtu akiona ndogo anakataa mapema, tunabaki marafiki.

---

Sheha_Mstaafu

Mimi nitasema lisilopendeza. Bi Mwani, wewe ndiye mtaalamu. Uliiona bamvua, ukajua wakulima hawatakuwepo, na ukapanda boti. Dole gumba si jibu. Ungewaambia: tarehe hiyo siji.

---

Bi_Mwani_Unguja

Mzee wangu, limeniuma kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimeshakataa kazi nyengine ya siku hizo. Na nilisema labda watakuja ishirini.

---

Sheha_Mstaafu

Haya. Na wao kosa lao, kama hawakupita kwa sheha. Sheha angewaambia nani analima na nani ameacha. Enzi zangu wageni walikuja na orodha ya mahudhurio iliyojazwa kutoka ofisini, majina ya watu waliokwisha hamia Unguja.

---

Ticha_wa_Skuli

Sisi skuli yetu tulimwalika daktari azungumze na wasichana kuhusu hedhi. Barua tuliandika "afya ya vijana". Akaja na mada ya sigara na bangi, saa nzima. Wasichana wanatizamana. Hakuomba hata shilingi, kwa hiyo hata kulalamika hatukuweza.

---

Mratibu_Chake

Ticha umenipa njia ya kulisema la mada. "Mwani na Maendeleo" na "afya ya vijana" ni majina ya kabati, hujui ndani mna nini. Mimi kabla ya kuandika barua nakwenda kukaa na akina mama wanane, kumi, penye vichanja vya kuanikia, nauliza: mtu akija hapa, mngemuuliza nini? Mwaka jana Micheweni hawakuniambia chochote kuhusu maendeleo. Walisema: "Mwani wetu kaskazi unakuwa mweupe, unakatika, na tukibadilisha mbegu ni vilevile." Nikaliandika swali hilo ndani ya barua, hivyo hivyo, na chini yake: wanalima spinosamu, maji ya magotini, wapo 35, karibu wote wanawake, wasiosoma ni wengi, projekta haitahitajika, njoo na mwani mgonjwa na mzima mkononi. Mtaalamu akaja anajua atazungumza nini. Aliwaonesha vijiti vinavyoanza kupauka, akawaeleza kuwa joto na jua kali maji yanapokupwa ndivyo vinavyoanza kuuchosha mwani, na vijidudu huja nyuma. Wakabishana naye kuhusu kuhamisha kamba kwenye maji mengi zaidi. Hawakukubaliana wote, lakini swali lilikuwa lao.

Tarehe nayo siitoi kwenye kalenda ya ukutani. Natizama mwezi. Mwezi 8 hadi 10, au 23 hadi 25, si Ijumaa, si Ramadhani. Hapo ndipo namtafuta mgeni rasmi, akiwa hana nafasi anatuma salamu. Kwenye hili nimegombana na wenyeviti watatu, na mmoja hanisemeshi mpaka leo.

---

Kidau_Cha_Wete

Mratibu, bila mgeni rasmi mfadhili hapati picha, na bila picha mwakani hakuna semina. Tuseme ukweli.

---

Mratibu_Chake

Hilo sina jibu lake. Mimi humpa dakika kumi.

---

Mkaanga_Pweza

Kwa hiyo bei hamuijui?

---

Bi_Mwani_Unguja

Taarifa: nimempigia katibu nikamsomea hesabu ya Mratibu. Kimya, kisha akasema "tutalishughulikia". Hati ya kodi hakuwahi kuisikia. Ripoti nimemwambia nitaandika ukurasa mmoja, na sitatia neno "wadau". Ufuatiliaji, barua kwanza. Mkaanga, niandikie faragha, nitakupa namba ya mtu wa Jambiani.

---

Ummu_Kombo

Salaam. Mimi ni katika waliokuwa shambani siku ile. Tulitangaziwa msikitini usiku wa jana yake, na kamba zangu zilikuwa zimetimia siku 45, ningeziacha vipi?

Dada, mwanangu ndiye anayeniandikia. Sisi tupo 22, kikundi kimoja. Tunalima spinosamu. Tunataka kujua kwa nini mwani wa upande wa mkondo hauuguwi na wa upande wa ufukweni unaugua, na kamba zetu zile zile. Njoo mwezi 23, asubuhi, ukae na sisi chini ya mkungu hapa kwetu. Utalala nyumbani kwangu. Nauli ya boti tutachanga, tumeshapata 40,000. Laki tatu hatuna. Tuambie wewe unataka kiasi gani na ukishasema usibadilishe.

---

Bi_Mwani_Unguja

Mama, shikamoo. Naomba mniwekee mafungu mawili ya mwani, moja la mkondoni na moja la ufukweni, msiyaanike. Na mniambie mlihamisha mbegu mara ya mwisho lini. La malipo nakupigia leo baada ya Isha, tulimalize kwa simu na mwanao aliandike.