Mrejesho: nukta kwenye picha ya babu kutoka gazetini

Niliuliza: nitaondoaje nukta za uchapaji kwenye picha ya babu niliyoiskani kutoka gazetini, bila kuutia uso ukungu?

Ahsanteni sana, sasa namwona babu! Niliiskani upya kwa dpi 600, rangi ya kijivu. Kwenye programu ya ImageJ nikabonyeza `Process > FFT > FFT`, ikafunguka picha ya pili inayoonyesha mipangilio inayojirudia. Nukta, kwa kuwa zinajirudia kwa mpangilio, zilijitokeza kama nyota angavu kuzunguka kitovu. Nikazipaka nyeusi moja moja, kitovu nikakiacha kabisa maana ndicho chenye sura yenyewe, kisha `Inverse FFT` ikanirudishia picha ya babu. Nyota hafifu ikibaki, mawimbi huonekana shavuni, basi ipake nyeusi nayo, urudie `Inverse FFT`. Nyusi zimetoka vizuri. Kope hazikurudi, kwani ni nyembamba kuliko nafasi kati ya nukta, hivyo gazeti halikuzichapa.