Mkopo wa dola, mshahara wa shilingi: nikirudi Kigoma nitalipaje?

Binti wa Mwanga:
Shikamooni wakubwa. Namaliza shahada ya uzamili hapa Marekani mwezi Mei. Nilikopa dola 20,000 kwenye kampuni inayokopesha wanafunzi wa kigeni, pesa zote zikatoka Juni mwaka jana. Riba ni asilimia 12 kwa mwaka, haibadiliki. Baada ya masomo kuna miezi sita ya kusubiri, kisha nalipa kwa miaka kumi. Mradi mmoja kule Kasulu umenipa kazi, mkononi nitabaki na milioni 1.8 kwa mwezi. Je, hiyo miezi sita inaanza kuhesabiwa nikipata kazi? Na nikiamua kubaki huku, deni linabadilika?

Kaka wa Leeds:
Usihofu dada. Mimi nina mkopo wa masomo wa huku Uingereza. Ukihama nchi kwa zaidi ya miezi mitatu unawajulisha, unajaza fomu ya kipato, nao wanakupimia kwa kiwango cha nchi uliyopo. Kwa mshahara wa Kasulu huenda usidaiwe kitu.

Mzee wa Ujiji:
Marahaba binti. Kaka, wako ni mkopo wa serikali, unalipa asilimia 9 ya kipato kinachozidi kiwango. Ukikosa kipato hulipi. Huyu ana mkataba wa kampuni, na kampuni haiangalii mshahara wake bali kalenda. Miezi sita inahesabiwa tangu tarehe ya kumaliza masomo, uwe na kazi au usiwe nayo. Binti, ukimaliza Mei, rejesho la kwanza linakuja Desemba.

Jambo linalowaumiza wengi ni kwamba miezi hiyo riba hailali. Dola 20,000 kwa asilimia 12 ni dola 200 kila mwezi. Kuanzia Juni ile hadi mwisho wa Novemba hii ni miezi 18, yaani dola 3,600. Usipozilipa, zinaingizwa kwenye deni lenyewe. Unaanza na 23,600, na rejesho la mwezi ni karibu dola 339. Ukizilipa kabla Novemba haijaisha, unaanza na 20,000 na rejesho ni kama dola 287. Kwa miaka kumi tofauti hiyo ni karibu dola 6,200, wakati ulichotoa ni 3,600. Fungua taarifa ya akaunti yako sasa uone riba imefika wapi. Kama salio litaruka ghafla Desemba bila wewe kukopa tena, ndiyo hiyo imeingizwa.

Shangazi wa Bangwe:
Mwanangu, shilingi kila siku inashuka, kwa hiyo deni lako linakua. Bora uombe kampuni ikubadilishie deni liwe la shilingi kabla hujarudi.

Mzee wa Ujiji:
Dada, hapo kuna nusu ya kweli. Deni halikui, dola ni zilezile. Kinachokua ni shilingi za kuzinunulia, na kampuni ya namna hiyo haina sababu ya kukubali shilingi. Wala shilingi haishuki kila siku. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu 2,330. Oktoba 2024 ilipita 2,700, na Desemba mwaka huohuo ikarudi kwenye 2,400 hivi. Rejesho la dola 339 ni shilingi 813,600 kwa 2,400, na 915,300 kwa 2,700. Kwenye milioni 1.8 hiyo ni karibu nusu ya mshahara, na bado benki inakuuzia dola kwa bei yake na kukukata ada ya kutuma.

Ukibaki Marekani mkataba haubadiliki hata herufi. Unachopata ni mshahara wa dola kulipa deni la dola. Ukienda Ujerumani, unahamia kwenye yuro: Januari 2025 yuro ilikuwa dola 1.03 hivi, katikati ya mwaka ikafika kama 1.17. Rejesho lilelile lilitoka yuro 329 hadi 290. Ingeweza kwenda kinyume pia.

Ningekuwa wewe ningeuliza Kasulu kama watakusubiri, nikatumia kibali cha OPT cha kufanya kazi Marekani kwa miezi 12 kulipa zaidi ya rejesho la mwezi. Sheria ya Marekani inakataza faini ya kulipa mapema kwenye mikopo binafsi ya masomo.

Kijana wa Gungu:
Na Bodi ya Mikopo je? Mimi nilisahauliwa na mwajiri wa huku nje. Nyumbani mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara, lakini wa nje hakati, kwa hiyo lazima uombe mwenyewe namba ya malipo na ulipe. Lile deni ni la shilingi, kwa hiyo kwangu mimi ninayelipwa dola, dola ikipanda linapungua uzito.

Binti wa Mwanga:
Asanteni sana. Nilisoma Dodoma kwa mkopo wa Bodi, kwa hiyo Kasulu watanikata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na hapohapo kampuni inataka laki nane na zaidi. Kumbe swali langu nililiuliza nusu. Mradi unataka jibu Ijumaa, na mama anataka nirudi. Kuna aliyewahi kumwomba mwajiri amngoje mwaka mzima akakubaliwa?

Shangazi wa Bangwe:
Mama yako nitaongea naye mimi. La mradi, uliza wewe.