Mjadala: Maneno 500 ya Kiarabu kwa wiki mbili kwa "ndoano", ni elimu au ni utapeli?

Mama Nasra: Jamani naombeni mawazo. Mdogo wangu anajiandaa kwenda Oman kufanya kazi za ndani, kuna chuo kinamtaka alipe laki mbili na nusu wamfundishe maneno 500 kwa wiki mbili kwa njia ya ndoano, yaani neno la Kiarabu unalitafutia la Kiswahili linalofanana sauti halafu unajichorea picha kichwani. Inafanya kazi kweli au tunaliwa hela?

Kipanga Mweusi: Mnaliwa. Sisi madrasa tulikariri kwa bakora na mpaka leo tunakumbuka.

Binti Mkokotoni: Kipanga unakumbuka nini? Mimi nilihitimu msahafu mzima nina miaka kumi na mbili, nikafika Maskati nikashindwa kununua kitunguu. Kukariri sauti na kujua neno ni vitu viwili.

Kipanga Mweusi: Sasa hapo unadharau madrasa au unajibu swali?

Binti Mkokotoni: Najieleza mimi, usinitafutie dhambi asubuhi yote hii. Na hiyo ya kitunguu ilinikuta NIKIWA na ndoano. Kitunguu ni *basal*. Dada mmoja alinifundisha nifikirie basi la mkoani limejaa vitunguu mpaka konda anatoka machozi, na kweli picha ikaganda. Nikisikia basal naona konda analia, najua kitunguu. Sasa siku natumwa dukani, nimesimama mbele ya muuzaji, kichwani nimeona konda, nimeona basi, mdomo ukasema "basi". Yule anapima viazi akaacha kupima. Namwonyesha kidole namwambia tena "basi, basi" anafunga mfuko. Kule *bas* ni imetosha, kama sisi tu! Nilirudi na viazi.

Fundi wa Kayole: 😂😂 "nilirudi na viazi" bana

Mwalimu Tungaraza: Hapo dada kaonyesha penye uvujaji bila kujua. Ndoano inakupeleka vizuri upande mmoja: unasikia neno geni, unapata maana. Kurudi, yaani una maana unatafuta neno, inakupa kipande cha sauti tu, basi, na mkia wa neno haumo. Dawa yake ni kuuingiza na mkia kwenye picha. Yule konda mpe jina, Ali, liwe "basi la Ali". Bas-al. Halafu ufunike karatasi, uulizwe "kitunguu", useme kwa sauti. Wengi wanaishia kwenye picha ya kuchekesha, hawajiulizi kwa upande wa kusema hata mara moja.

Kipanga Mweusi: Mwalimu na wewe umeingia kwenye mabasi.

Dogo Msomi: Hii kitu imethibitishwa kisayansi, Wamarekani walijaribu kwa Kihispania sijui Kirusi, watu wakakumbuka mara tatu zaidi, na hawasahau maisha. Tatizo letu tunapinga kila kitu kipya

Mwalimu Tungaraza: Kirusi na Kihispania vyote vilijaribiwa dogo, lakini punguza chumvi. Kile cha Kirusi ni Atkinson na Raugh, Stanford, 1975. Maneno 120 kwa siku tatu, 40 kila siku. Wenye ndoano walipata asilimia 72, wasio nayo 46. Ni pengo kubwa, sikatai. Baada ya wiki sita walipoulizwa tena ikawa 43 kwa 28. Kwa hiyo bado wako mbele ila na wao wamemwaga karibu nusu ya walichokuwa nacho. Na mtihani ulikuwa wanasikia Kirusi wanaandika maana kwa Kiingereza. Hakuna aliyeambiwa nenda sokoni kaongee. Miaka ya mwanzo ya 1990 akina Wang na Thomas wakakuta maneno ya ndoano yanayeyuka haraka kuliko ya kukariri kama mtu hakurudia katikati. Hilo la "hawasahau maisha" umelitoa wapi?

Dogo Msomi: Nimesema kwa ujumla mwalimu. Ila 72 kwa 46 si bado nimeshinda?

Mtoto wa Forodhani: Mnahangaika bure. Tatizo si ndoano, tatizo ni ulimi. Mtu wa bara anasema "gorofa", "habari ya asubui", huyo hata umpe ndoano ya dhahabu ataokota nini? Kiarabu kina gh na kh, kwanza ajifunze kusema Kiswahili.

Fundi wa Kayole: Imeanza.

Nyamwezi Halisi: Forodhani hebu njoo hapa. Lugha ni ya Kibantu, hayo magh na makh mmeyapokea jahazini mnatuuzia kama urithi. Babu yangu amebeba pembe toka Tabora mpaka Bagamoyo, Kiswahili kimepanda bara kichwani mwa wapagazi, leo unatuambia tujifunze kwanza?

Mtoto wa Forodhani: Kubeba si kutamka ndugu yangu.

Nyamwezi Halisi: Na kutamka si kuelewa. *Ghurfa* ni nini kwa Kiarabu, nyie wenye ulimi?

Mtoto wa Forodhani: Ghorofa, mtoto wa madrasa anajua

Nyamwezi Halisi: CHUMBA. Nimefanya kazi Sohar miaka minne. Mama mwenye nyumba akikwambia safisha ghurfa anataka chumba, wewe na ulimi wako mzuri ungepanda ngazi na ndoo. Na *rakhis* si rahisi ya kufanya, ni rahisi ya bei tu, ya kufanya ni *sahl*. Na *tajir* ni mfanyabiashara, hata awe na madeni.

Binti Mkokotoni: Hapo Nyamwezi kakuweka Forodhani 😅 tena kwa adabu

Mtoto wa Forodhani: Mifano mitatu tu. Sabuni ni *sabun*, sukari ni *sukkar*, hatari ni *khatar*, thumu ni *thum*. Maneno kibao anayo bure.

Mwalimu Tungaraza: Ndiyo pointi sasa, na nyote wawili mmeishika vipande. Maneno kama hayo hayahitaji ndoano hata kidogo, mdogo wake Mama Nasra anayo tayari. Mama Nasra, hebu angalia orodha ya chuo: katika hayo 500 mangapi ni ya namna hii? Maana kama mia na zaidi ni sabuni na sukari, hapo wanamuuzia Kiswahili chake. Yale ya ghurfa nayo si ya ndoano, ni ya kuonywa, kwa sababu tayari anayo ndoano ya uongo kichwani toka utotoni. Ndoano iwekwe pale ambapo hakuna kitu kabisa, kama basal, kama *miftah* ambayo ni ufunguo, unamchora mufti amevaa shada la funguo shingoni.

Mtoto wa Forodhani: Mufti mwache.

Mwalimu Tungaraza: Samahani. Tafuta mwingine.

Kinara wa Haki: Mnajadili vitunguu wakati dada zetu wananyang'anywa pasi za kusafiria huko! Swali lilipaswa kuwa kwa nini tunawapeleka?

Mama Nasra: Kaka uchungu wako nauelewa ila mdogo wangu ameshaamua, na nadhani akijua kusema ni salama zaidi kuliko asipojua.

Nesi wa Doha: Nirudi kwenye ulimi maana limenikuta. Sisi wote, pwani na bara, hatuna ile k ya kooni. Moyo ni *qalb*, mbwa ni *kalb*. Ndoano ya Kiswahili haiwezi kuyatenganisha, kwa sababu umeshika Kiarabu kwa sauti za Kiswahili na Kiswahili kina k moja. Nilimwambia mzee mmoja wodini, kwa upole kabisa, mbwa wako yuko sawa leo. Alicheka mpaka nikamwomba atulie nipime presha upya. Baadaye nikagundua wao wenyewe hapa wanasema *galb*, kwa g, ningejua toka mwanzo nisingehangaika na koo.

Nyamwezi Halisi: Forodhani umesikia? PWANI NA BARA.

Mtoto wa Forodhani: Nesi ni mtu wa wapi kwanza

Nesi wa Doha: Tanga. Na kitu kingine, ule mwendo wa kupitia picha ni mrefu. Miezi ya kwanza mtu akiniambia neno naona kwanza sinema yangu, halafu maana, yeye ameshasema sentensi mbili mbele. Kwa maneno ninayoyatumia kila siku sinema ilikatika yenyewe baada ya wiki kadhaa, sasa hivi hata sikumbuki nilichora nini. Yale ambayo bado naona picha mpaka leo ni yale nisiyoyatumia. Na wingi hakuna ndoano itakusaidia: *bab* mlango, nilimchora baba amesimama mlangoni, vizuri, nikasikia *abwab* nikaduwaa. Ni milango.

Dogo Msomi: Si unatengeneza ndoano nyingine ya abwab?

Nesi wa Doha: Unaweza. Na ya funguo, na ya vyumba, na ya vitabu. Utakuwa na kichwa kama stendi ya Magufuli.

Fundi wa Kayole: Swali la kijinga, mimi nasoma Kijerumani, hii inafanya kazi kwa yale maneno madogo madogo ya juu, chini, ya, kwa? Nayachora aje?

Mwalimu Tungaraza: Si la kijinga, ndipo inapokwama. Huwezi kumchora "kwa" akifanya kitu. Hayo yachukue ndani ya sentensi nzima, uirudie jioni, kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Kurudia huko hata ya ndoano yanakuhitaji.

Kipanga Mweusi: Kwa hiyo kukariri. Nilisema toka juu.

Mwalimu Tungaraza: Kujiuliza, Kipanga. Unafunika unajiuliza. Ungekuwa unaimba tu orodha ningekubishia.

Kipanga Mweusi: Bakora ilikuwa inauliza.

Mama Nasra: Nimepata orodha ya chuo. Nimehesabu ukurasa wa kwanza, maneno 25, tisa mdogo wangu kayajua bila kufundishwa. Na kuna hili la dirisha wamemwandikia *nafidha*, ndoano yake "nafasi ya upepo". Ni sawa?

Nyamwezi Halisi: Nafidha ni ya vitabuni na taarifa ya habari. Mimi Sohar nimefuta madirisha miaka minne, mama anasema *dirisha*.

Mama Nasra: Dirisha hili hili letu?

Nyamwezi Halisi: Hili hili.

Mtoto wa Forodhani: Na hilo sasa si la Kiarabu wala la Kibantu, ni la Kiajemi, msije mkaanza.

Nyamwezi Halisi: Nani kaanza?