Salamu za Krismasi za kunakili na kubandika: mnatukosea heshima

Ndugu zangu wa Kisumu na Nakuru, nimekasirika na sitaficha. Kuna kijana wa Nakuru ambaye moyo wangu umemwelekea kwa muda, na asubuhi ya tarehe 25 Desemba aliniandikia kwenye WhatsApp: “Krismasi njema malkia wangu, wewe ndiwe zawadi niliyomwomba Mungu.” Nilifurahi, nikaanza kutafuta maneno ya kumjibu, na kabla sijayapata mwenzangu wa kazini akanionyesha simu yake: maneno ni yale yale, hata nukta haikuhama.

Kinachoniudhi ni kwamba sikukuu humfungulia mtu mlango ambao siku nyingine umefungwa. Ukimwandikia Jumanne tu mtu mnayejuana kidogo, atajiuliza unataka nini. Ukimwandikia Krismasi, Idi au mwaka mpya, hakuna anayekuuliza sababu, na asiyekutaka atajibu “nawe pia” yakaishia hapo bila yeyote kuaibika. Ukishamwita malkia umemnyima njia hiyo, kwa kuwa sasa itambidi akukubali au akukatae waziwazi.

Mbona hakuandika hivi: “Krismasi njema. Leo nyumbani wamepika samaki, nikakumbuka ulivyobishana na yule muuzaji wa Dunga hadi akakuongezea. Ulikwenda Bondo, au umebaki Kisumu?” Humo hamna neno la mapenzi, lakini ningejua kwamba siku ile alinitazama, na swali la mwisho lingenipa la kujibu.

Mkaazi wa Kondele: Pole, dada. Kama ujumbe haukuwa na ile alama ya mshale, basi alikuandikia wewe kwanza, na mwenzako akapata nakala.

Mwalimu, Kakamega: Sivyo. Mshale huonekana tu pale mtu alipobonyeza kusambaza. Aliyenakili na kubandika, au aliyetuma kwa orodha ya watu wengi kwa mpigo mmoja, ujumbe wake hufika kana kwamba umeandikiwa wewe peke yako. Yatazame maneno yenyewe: jina lako halimo, wala hamna jambo ambalo lisingemfaa mtu mwingine yeyote.

Kijana mwingine wa Nakuru: Mimi nilimtumia mmoja salamu saa sita usiku wa mwaka mpya, na tiki ikabaki moja hadi asubuhi. Je, amenizuia, au nisubiri Idi?

Mwenye uzi: Kaka, tiki moja huenda ni simu iliyozimwa, kwa hiyo usimhukumu. Ila saa sita ya usiku huo kila mtu anatuma, na salamu yako huzama chini ya nyingine. Ungeandika kesho yake mchana. Mwalimu, nakubaliana nawe, lakini bado sijamjibu: mwenzangu anataka nimuulize aliwatumia wangapi, nami naona heri nimwandikie “nawe pia” na nisiongeze neno.